Deni la Kadi ya Mkopo: Kuhesabu Miezi ya Kulimaliza na Riba Yote Utakayolipa Ukishikilia Kiwango cha Chini

Wasomaji kadhaa wa Malindi na Lamu wamenitumia hesabu za kadi zao niwakagulie, na karibu zote zina kosa moja. Mtu anadaiwa shilingi 60,000, benki imemwambia alipe angalau 6,000 mwezi huu, basi anagawanya na kupata miezi 10. Mwingine anakumbuka kwamba kuna riba, anaongeza miezi miwili ya kukisia, anasema 12.

Kwa masharti nitakayoyataja hapa chini, jibu la deni hilo ni miezi 38.

Kosa haliko kwenye kugawanya. Liko kwenye kudhani kwamba kiwango cha chini ni 6,000 kila mwezi. Kiwango hicho ni sehemu ya deni, na deni likishuka nacho kinashuka. Ni kama kuteka maji mtungini kwa kata ambayo inakuwa ndogo kila unapoteka, huku mtu mwingine akimimina kidogo ndani. Mtungi utakauka, lakini si siku uliyoitazamia.

Nitafuata kadi moja mwanzo hadi mwisho. Ni ya mama mmoja muuza samaki wa Malindi aliyenunua friza kwa kadi kabla ya msimu wa wageni, akaja kwangu na stetimenti mkononi akisema, "Kakangu, nalipa kila mwezi na sijakosa hata mara moja. Mbona deni haliondoki?" Weka namba zako mahali pa zake unapoendelea.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Stetimenti ya mwezi huu, ya karatasi au ya kwenye simu.
- Karatasi ya masharti na ada uliyopewa siku ya kuchukua kadi. Kama imepotea, iombe benki. Usikisie.
- Kikokotoo cha simu.
- Excel au Google Sheets. Daftari la mistari na kalamu pia vinatosha, ila itakubidi uandike mistari kama 40.

Jambo moja zaidi: hesabu hii inachukulia kwamba hununui kitu kingine kwa kadi hiyo mpaka deni liishe. Ukiendelea kuitumia, majibu yote hapa chini yanaharibika. Na kuna sababu ya pili ya kuiweka kando. Zile siku za bure, ambazo benki haitozi riba kwa manunuzi, kwa kawaida ni za anayelipa stetimenti yote. Ukibeba deni kutoka mwezi mmoja hadi mwingine, manunuzi mapya huanza kutozwa riba mapema, mara nyingi tangu siku ya kununua. Pesa taslimu uliyotoa kwenye mashine ya ATM kwa kadi ya mkopo hutozwa riba tangu siku uliyoitoa, tena juu yake kuna ada ya kutoa.

## Hatua ya 1: Toa namba nne

Deni la mwisho wa mwezi. Kwenye stetimenti nyingi limeandikwa `Closing Balance`. La mama huyu ni 60,000. Usichukue kikomo cha kadi, yaani `Credit Limit`, wala kiasi kilichobaki cha kutumia. Watu wawili walinitumia hesabu nzuri kabisa ya deni wasilokuwa nalo, kwa kuwa walinakili mstari usio wao.

Riba ya mwezi. Yake ni asilimia 3.5. Hapa angalia kwa makini, kwa maana karatasi nyingine inataja riba ya mwezi na nyingine ya mwaka. Kama imeandikwa asilimia 42 kwa mwaka, gawanya kwa 12, upate 3.5. Kama imeandikwa 3.5 bila maelezo, usidhani ni ya mwaka. Kadi yenye riba ya asilimia 3.5 kwa mwaka mzima ungeisikia ikitangazwa mitaani.

Asilimia ya kiwango cha chini. Yake ni 10 ya deni la mwisho wa mwezi. Kadi nyingine ni 5, nyingine 20.

Kima cha chini cha shilingi. Karatasi yake inasema "asilimia 10 au shilingi 1,000, ipi iliyo kubwa." Wengi huruka mstari huu wakiona hauwahusu, kwa kuwa asilimia 10 ya deni lao ni kubwa kuliko 1,000. Unawahusu mno. Bila mstari huu deni halina mwisho kwenye hesabu: ukiondoa sehemu ya kumi ya kilichobaki, daima kitabaki kitu.

Onyo: benki nyingine huhesabu kiwango cha chini kwa njia tofauti, kwa mfano asilimia fulani ya deni la msingi, kisha riba yote ya mwezi na ada juu yake. Kujua yako ni ipi, chukua stetimenti na uzidishe `Closing Balance` kwa asilimia yako. Ukipata kiasi kile kile kilichoandikwa `Minimum Payment Due`, hesabu ya hapa ni yako. Kilichoandikwa kikizidi, waulize benki ziada hiyo ni nini kabla hujaendelea.

Utajua umefaulu hatua hii ukiwa na mstari mmoja kama huu: 60,000, 0.035, 0.10, 1,000. Asilimia ziandike kama desimali sasa hivi. Mtu akiingiza 3.5 badala ya 0.035 kwenye jedwali, deni lake litafika mamilioni kabla ya mwezi wa tano naye atadhani simu imeharibika.

## Hatua ya 2: Hesabu miezi mitatu kwa mkono

Usikimbilie kompyuta. Miezi mitatu ya kwanza ifanye kwa kikokotoo, kwa sababu mbili: utaona deni linavyotembea, na utapata namba za kukagulia jedwali baadaye.

Kila mwezi una mwendo ule ule. Chukua deni, toa malipo, kinachobaki kizidishe kwa 0.035 upate riba, jumlisha riba na kilichobaki. Hilo ndilo deni la stetimenti inayofuata.

| Mwezi | Deni | Malipo | Kinachobaki | Riba |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 60,000 | 6,000 | 54,000 | 1,890 |
| 2 | 55,890 | 5,589 | 50,301 | 1,761 |
| 3 | 52,062 | 5,206 | 46,855 | 1,640 |
| 4 | 48,495 | | | |

Senti nimeziondoa kwenye jedwali hili, lakini kwenye kikokotoo ziache mpaka mwisho.

Sasa soma safu ya malipo kutoka juu kwenda chini. Ametoa 16,795 kwa miezi mitatu, na deni limeshuka kwa 11,505 tu. Zile 5,290 nyingine zimeliwa na riba. Nilipomwonyesha, alinyamaza kidogo, kisha akaweka kidole kwenye 5,589 akauliza ni nani aliyempunguzia malipo. Hakuna aliyempunguzia kwa hisani. Ni asilimia 10 ya deni dogo zaidi, basi. Benki ikikudai kidogo mwezi huu kuliko uliopita, unachoongezewa ni muda wa kukaa na deni.

Umefaulu ikiwa deni lako la mwezi wa 2 ni dogo kuliko la mwezi wa 1. Kama ni kubwa, soma hatua inayofuata kwa uangalifu.

## Hatua ya 3: Tafuta namba moja inayosema deni linashuka kwa kasi gani

Ukilipa asilimia 10, unabaki na 0.90 ya deni. Riba inaikuza mara 1.035. Zidisha:

```
0.90 * 1.035 = 0.9315
```

Maana yake ni kwamba kila stetimenti ni 0.9315 ya ile iliyotangulia. Umetoa asilimia 10 mfukoni, lakini deni limeshuka chini ya asilimia 7.

Namba hii ikiwa 1 au zaidi, kulipa kiwango cha chini hakutapunguza deni hata ukilipa maisha yako yote. Ikiwa chini ya 1 kwa kiasi kidogo sana, deni litashuka, ila utachoka wewe kwanza.

Kwa wenye kadi za asilimia 5, naomba mkae hapa kidogo. Kwa riba ile ile ya 3.5, namba yenu ni 0.95 mara 1.035, yaani 0.98325. Nimeipigia hesabu yote kwa deni lile lile la 60,000 na kima kile kile cha 1,000. Ni malipo 98, yaani miaka minane na miezi miwili, na riba inazidi shilingi 90,000. Friza ya 60,000 inakuwa imegharimu zaidi ya 150,000, na katika maji ya chumvi na hewa ya pwani sina hakika kama yenyewe ingefika miaka hiyo minane. Kadi inayoomba kidogo kila mwezi ndiyo mnayoiona nafuu. Kwa anayelipa kiwango cha chini tu, ni kinyume chake.

## Hatua ya 4: Jenga jedwali mpaka deni lifike sifuri

Fungua Google Sheets au Excel. Mstari wa 1 ni wa majina: mwezi, deni, malipo, kinachobaki, riba. Kwenye mstari wa 2 andika 1 ndani ya A2 na 60000 ndani ya B2, bila koma. Kisha:

```
C2: =MIN(B2, MAX(0.10*B2, 1000))
D2: =B2-C2
E2: =D2*0.035
A3: =A2+1
B3: =D2+E2
```

Nakili C2, D2 na E2 uziweke mstari wa 3. Halafu chagua mstari wote wa 3 na uuvute chini hadi mstari wa 60. Wa kadi za asilimia 5 wavute hadi 120.

`MAX` inachagua kikubwa kati ya asilimia 10 na 1,000. Ndiyo ile "ipi iliyo kubwa" ya kwenye masharti. `MIN` inazuia kulipa zaidi ya deni lenyewe mwezi wa mwisho. Ukiisahau, deni litashuka chini ya sifuri na jedwali litaanza kukuonyesha kwamba wewe ndiye unayeidai benki, na riba itatokea na alama ya kutoa. Ukiona alama hiyo mahali popote, rudi kwenye C2.

Anayetumia daftari afanye vivyo hivyo mstari kwa mstari. Akifika mahali ambapo asilimia 10 ni chini ya 1,000, aanze kuandika 1,000 kila mwezi. Kwa kadi yetu hilo linatokea mwezi wa 27, deni likiwa 9,482.

Umefaulu ikiwa B3 ni 55,890 na B5 inakaribia 48,495, sawa na ulivyopata kwa mkono. Zikitofautiana, kosa liko kwenye fomula. Usiendelee kabla hujalipata.

## Hatua ya 5: Soma majibu mawili na uyakague

Shuka kwenye safu ya B mpaka mstari wa mwisho wenye deni juu ya sifuri. Kwa mama huyu ni mwezi wa 38, deni likiwa kama shilingi 242. Hiyo ndiyo idadi ya malipo.

Kisha kwenye kisanduku kitupu:

```
=SUM(E2:E60)
```

Utapata kama 24,990. Wa kadi za asilimia 5 waandike E120 mahali pa E60. Hiyo ndiyo riba yote.

Kuna njia rahisi ya kukagua. Jumlisha safu ya malipo, C, utoe deni la mwanzo. Malipo yote ni 84,990. Ukitoa 60,000 zinabaki 24,990. Njia mbili zikitoa jibu moja, jedwali lako ni zima. Zikitofautiana hata kwa mia chache, kuna mstari ulioandika namba kwa mkono badala ya fomula, au ulinakili vibaya.

Angalia pia mwezi wa 13, kwa kuwa hapo ndipo watu hukata tamaa bila kujua sababu. Baada ya malipo 12 ametoa 50,210, na bado anadaiwa 25,606. Mwaka mzima bila kukosa hata mwezi! Ndiyo maana aliniuliza mbona deni haliondoki. Linaondoka, ila miezi 26 mingine iko mbele yake, na karibu nusu yake ni ya kulipa 1,000 moja moja.

## Hatua ya 6: Gandisha malipo ya mwezi wa kwanza, uhesabu tena

Hii ndiyo hatua niliyotaka tufike. Badala ya kufuata kiwango cha chini kinavyoshuka, shika 6,000 za mwezi wa kwanza na uzilipe kila mwezi hadi mwisho. Hatoi hata shilingi moja zaidi ya aliyokwisha kutoa mwezi wa kwanza.

Badilisha C2 tu, na uinakili chini:

```
=MIN(B2, 6000)
```

Deni linaisha mwezi wa 12 kwa malipo ya mwisho ya 5,986. Riba yote ni 11,986. Kutoka miezi 38 hadi 12, na kutoka karibu 25,000 hadi karibu 12,000. Friza ni ile ile na riba ni ile ile. Kilichobadilika ni kukataa kushuka pamoja na kiwango cha chini.

Malipo yakiwa hayabadiliki, kuna njia ya mkato isiyohitaji jedwali:

```
=NPER(0.035, -6000, 60000, 0, 1)
```

Itakupa 11.9977. Ipandishe hadi namba nzima, 12. Ile 1 ya mwisho inaiambia fomula kwamba malipo yanatoka kabla ya riba ya mwezi, kama tulivyofanya kwenye jedwali. Ukijaribu 8,000 mahali pa 6,000, utapata zaidi kidogo ya 8.5, yaani malipo 9, na jedwali litaonyesha riba ya kama 8,060.

Hapa ndipo kosa la pili la wasomaji lilipo. Wanatumia `NPER` kwa kiwango cha chini, wanapata 12, kisha wanalipa kiwango kinachoshuka wakitarajia kumaliza kwa mwaka. `NPER` ni ya malipo yasiyobadilika peke yake. Kwa kiwango kinachoshuka, tumia jedwali la hatua ya 4.

Onyo la vitendo: kama benki inajikatia kiwango cha chini yenyewe kutoka akaunti yako, itaendelea kukata kiasi kinachoshuka hata kama wewe umeamua vingine. Waombe waandike kiasi maalumu cha 6,000 kila mwezi. Wakisema fomu yao ina chaguo la asilimia 10 au 100 pekee, acha wakate ile 10 na wewe utume tofauti. Mwezi wa 2, kwa mfano, wanakata 5,589 na unaongeza 411. Ni kiasi kidogo, na kwa sababu ni kidogo watu hukiona hakina kazi. Mwezi wa 12 nyongeza hiyo imekuwa karibu 5,000, na hiyo ndiyo inayofanya kazi yote.

Baadhi ya wasomaji wameniandikia kwamba riba yenyewe ndiyo wasiyoitaka, kwa dini yao. Fatwa si kazi yangu, naiheshimu na kuwaachia wenye elimu yake. Kwa upande wa hesabu naweza kusema hivi: kadi haizai riba kwenye manunuzi pale tu stetimenti yote inapolipwa kabla ya siku ya mwisho, kila mwezi. Aliye na uwezo wa kulimaliza deni leo kwa akiba aliyonayo, jedwali lake lina mstari mmoja.

## Hatua ya 7: Weka kusi ndani ya hesabu

Huku kwetu hakuna mapato ya miezi 12 inayofanana. Kusi likivuma bahari inachafuka, mashua ndogo hazitoki, samaki wanakuwa wachache na wageni vilevile. Mpango wa 6,000 kila mwezi utavunjika mwezi wa Mei au Juni, na mtu akiona umevunjika huuacha wote na kurudi kwenye kiwango cha chini mpaka mwisho.

Basi uvunje mwenyewe mapema, kwenye jedwali. Tuseme miezi ya 5 na ya 6 ni migumu. Rudisha fomula ya hatua ya 4 kwenye mistari hiyo miwili pekee, C6 na C7, ukiandika B6 na B7 mahali pa B2, na uiache 6,000 kwingine kote. Mwezi wa 5 atalipa 4,268 na wa 6 atalipa 3,975, halafu anarudi 6,000.

Matokeo ni malipo 13 na riba 13,086. Kupumua miezi miwili kumemgharimu mwezi mmoja na shilingi 1,100. Aliposikia hivyo uso ulimfunguka, maana alikuwa anaogopa kwamba mwezi mmoja mbaya ungemrudisha mwanzo.

Lakini usishuke chini ya kiwango cha chini, na usichelewe. Hapo unaingia ada ya kuchelewa na ushuru wake, ambazo zinaongezwa kwenye deni na kuzaa riba, na jina lako linaweza kupelekwa kwa mashirika ya kumbukumbu za mikopo. Ukituma kwa simu, tuma siku mbili tatu kabla ya `Payment Due Date`. Siku inayohesabiwa ni ile pesa inapoingia kwenye akaunti ya kadi, na Jumamosi jioni inaweza kuingia Jumatatu.

## Hatua ya 8: Linganisha na stetimenti ya benki

Mwezi ujao stetimenti ikija, utaona riba si 1,890 kamili. Usishtuke na usitupe jedwali.

Sisi tumechukulia kwamba malipo yanatoka siku stetimenti inapotoka. Benki huhesabu riba siku kwa siku. Asilimia 42 ya mwaka ukiigawanya kwa siku 365 ni kama 0.00115 kwa siku. Tuseme mama huyu analipa zile 6,000 siku ya 21. Kwa siku 21 za kwanza anatozwa kwenye 60,000, ambayo ni kama 1,450. Kwa siku 9 zilizobaki anatozwa kwenye 54,000, ambayo ni kama 559. Jumla ni 2,009.

Tofauti ya shilingi 119 inatokana hasa na kungoja siku 21. Kwa hiyo kama pesa iko mkononi siku ya tatu, lipa siku ya tatu. Stetimenti haikukatazi.

Tofauti ya namna hiyo ni ya kawaida. Isiyo ya kawaida ni pale riba inapozidi hesabu yako kwa mamia mengi. Tafuta mistari ya ada: ada ya mwaka, ada ya kuchelewa, bima ya kadi, ada ya kutoa pesa taslimu. Kila unayoikuta iongeze kwenye safu ya B ya mwezi wake na jedwali litajirekebisha lenyewe chini. Mama huyu alikuta bima ambayo hakumbuki kuiomba. Aliandika barua kwa benki, na mwezi uliofuata haikukatwa.

## Hatua ya 9: Funga deni bila kuacha mkia

Mwezi wa 12 stetimenti inasema 5,986. Anailipa siku ya 20, anaona kazi imekwisha, anasahau kadi. Mwezi unaofuata inakuja stetimenti ya kama shilingi 138. Si wizi. Ni riba ya zile siku 20 ambazo 5,986 zilikaa bila kulipwa. Asipoifungua stetimenti hiyo kwa kudhani deni limekwisha, 138 inachelewa, ada ya kuchelewa inaongezwa, na deni dogo linaanza kuota upya.

Kabla ya malipo ya mwisho, piga simu benki na uulize, "Nikilipa leo, jumla ya kumaliza deni lote ni shilingi ngapi?" Lipa kiasi hicho siku hiyo hiyo. Kama hukupata jibu, lipa kilichoandikwa kisha usubiri stetimenti moja zaidi na ulipe mkia wake siku inapofika.

Deni limekwisha siku utakayoshika stetimenti ambayo `Closing Balance` ni 0.00 na mstari wa riba ni mtupu.

Kadi ikiwa huitaki tena, omba kwa maandishi ifungwe na upewe barua ya kuthibitisha. Kadi iliyokatwa kwa mkasi na kutupwa bado iko hai benki, na ada yake ya mwaka itakuja siku yake.